Nimesoma chakula kinashusha presha pointi 11. Niache vidonge?

*Habari za kazi mshauri. Mimi ni mama lishe, napika karibu na Mwaloni Kirumba hapa Mwanza. Nina miaka 48. Mwaka jana niligundulika nina presha, wakanianzishia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Nikipima siku hizi naona 146 kwa 92, siku nyingine 140 kwa 88. Binti yangu aliye chuo amenisomea kwamba kuna ulaji unaitwa DASH, wa mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa na maziwa yenye mafuta kidogo, na kwamba unashusha presha pointi 11. Nikaanza kula mchicha kila siku, sasa unakaribia mwezi, sijaona kitu. Ni uongo? Na kama ni kweli, naweza kuacha vidonge? Hayo maziwa yasiyo na mafuta mimi nitayatoa wapi, na kutwa nzima niko kwenye ugali na samaki? Halafu naishi na mama yangu mzazi, ana miaka 74, hospitali walisema figo zake zina shida. Naye tumpe chakula hicho hicho?*

*Mama lishe, Kirumba*

Dada yangu, vidonge usiviache. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua barua za namna hii wengi husoma mstari wa kwanza kisha wakarudi jikoni. Sasa tukae tuzungumze.

Binti yako hajakudanganya. Namba 11 inatoka kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, ulioongozwa na daktari Lawrence Appel na wenzake katika miji kadhaa, Baltimore na Boston ikiwemo. Walichukua watu wazima 459, wakawagawa makundi matatu, wakawalisha kwa wiki nane chakula kilichopikwa na watafiti wenyewe. Kundi la kwanza lilikula kama Wamarekani wengi walivyozoea: mboga na matunda kidogo, mafuta mengi. La pili lilikula vile vile ila likaongezewa mboga na matunda kwa wingi. La tatu likapewa mboga na matunda kwa wingi, nafaka isiyokobolewa, maziwa yenye mafuta kidogo, samaki, kuku, karanga na maharage, huku nyama nyekundu, mafuta na vitu vya sukari vikipunguzwa. Hilo la tatu ndilo DASH.

Ukiwachukua watu wote kwa pamoja, kundi la tatu lilishuka pointi 5.5 kwenye namba ya juu na 3 kwenye namba ya chini, ukilinganisha na kundi la kwanza. Si 11. Hiyo 11 inatoka kwa watu 133 kati yao ambao tayari walikuwa na presha, yaani 140 kwa 90 au zaidi: hao walishuka 11.4 juu na 5.5 chini. Wale ambao hawakuwa na presha walishuka 3.5 tu kwenye namba ya juu. Kwa hiyo binti yako alikusomea namba ya watu kama wewe, na hapo alikuwa sahihi. Zaidi ya nusu ya washiriki walikuwa watu weusi, na wao ndio walioshuka zaidi, kwa hiyo asije mtu akakwambia haya ni mambo ya wazungu.

Ila namba hiyo ina masharti ambayo mitandaoni hayasemwi. Washiriki hawakuwa wakimeza dawa za presha, wakati wewe tayari unameza, na sehemu ya kazi imeshafanywa na kidonge. Pia hawakuhangaika na soko wala jiko. Chakula kilipimwa, kikapikwa, wakapewa. Mwaka 2003 ulitoka utafiti mwingine wa watu 810 ambao walifundishwa tu, kisha wakaenda kujipikia nyumbani. Waliofundishwa kupunguza uzito, kupunguza chumvi na kufanya mazoezi walishuka vizuri. Walioongezewa somo la DASH juu ya hayo walishuka zaidi kidogo tu, kwa sehemu kwa sababu vipimo vya mboga, matunda na maziwa havikufika pale vilipotakiwa. Ndiyo maana mimi siwaahidi watu 11. Mtu anayejipikia, na akajitahidi kweli, namwambia atarajie kama nusu yake, na kikija zaidi ni faida.

Sasa mchicha wako. Kundi la pili, lile la mboga na matunda bila maziwa, kwa wenye presha lilishuka pointi 7 na kidogo. Kwa hiyo mboga na matunda peke yake hufanya kazi, lakini angalia walikula kiasi gani: vipimo 8 hadi 10 kwa siku, mboga na matunda kwa pamoja. Kipimo kimoja ni nusu kikombe cha mboga iliyopikwa, au tunda moja la wastani, na kikombe ninachosema ni kile cha robo lita. Kile kilima kidogo cha mchicha pembeni ya ugali, ambacho hata wateja wako wanakijua, ni nusu kikombe au pungufu. Umeongeza kipimo kimoja mahali palipohitaji vinane. Na kama ulikiunga kwa mafuta mengi, chumvi na kile kiungo cha pakiti cha supu, basi ulichoongeza kwa mkono huu ulikitoa kwa mkono ule. Sijakuona ukipika, lakini nimekula kwa mama lishe wengi.

Huenda ukajiuliza kwa nini wasikupe tu kidonge cha potasiamu yakaisha. Mboga, matunda na maziwa vina potasiamu, magnesiamu na kalsiamu. Potasiamu huisaidia figo kutoa chumvi kwenye mkojo na mishipa ya damu kulegea. Lakini kabla ya 1997 watafiti walikuwa wamejaribu madini hayo moja moja kwenye vidonge na majibu yakawa hafifu au ya kupishana. Ndipo wakaamua kupima sahani nzima. Na sahani nzima ndiyo iliyoleta 11, si kitu kimoja ndani yake.

Hapo ndipo maziwa yanapoingia. Wanaosoma habari hii huku kwetu wengi huchukua mboga, wakaacha maziwa wakiona ni ya kwenye pakiti za supamaketi. Lakini kundi la tatu lililizidi la pili, na maziwa vipimo viwili hadi vitatu kwa siku yalikuwa sehemu ya tofauti hiyo, pamoja na kupunguza mafuta. Kipimo ni kikombe kimoja. Kanda hii ni ya wafugaji. Tatizo si maziwa, ni mafuta yake, kwa sababu ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa maziwa mazito kuliko yale ya ng'ombe wa kisasa. Fanya hivi: chemsha maziwa jioni, yapoe, yaweke mahali pa baridi hadi asubuhi bila kuyatikisa, kisha engua malai yote yaliyopanda juu. Hayatakuwa sawa na ya kiwandani, lakini mafuta mengi yatakuwa yametoka. Kama kuna mtu unayemwamini anayetikisa maziwa kwa ajili ya samli, yale yanayobaki baada ya siagi kutolewa ni bora zaidi, na ndugu zetu Wasukuma wameyanywa tangu zamani bila kuyaita DASH. Hakikisha tu kwamba yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Maziwa yasiyogandishwa yakikukoroga tumbo, mtindi huwa mwepesi zaidi. Usitie sukari.

Kuna atakayeniuliza kuhusu dagaa, maana wanaliwa na mifupa yao na wana kalsiamu tele. Ni kweli, na mimi nawapenda. Dagaa wetu wa ziwa wanaoanikwa juani bila chumvi ni chakula kizuri kabisa; waoshe tu mchanga utoke. Ila utafiti ule ulitumia maziwa, haukutumia dagaa, kwa hiyo siwezi kukupa namba ya dagaa. Kula dagaa kama samaki, maziwa yabaki pale pale. Kayabo ni habari nyingine. Yule sangara amelala kwenye chumvi siku kadhaa, na hata ukimloweka bado chumvi inabaki. Mwachie mteja.

Tuipange siku yako basi, kama mpishi uliye jikoni tangu alfajiri. Asubuhi, badala ya chai ya maziwa yenye sukari na maandazi mawili, kunywa uji wa ulezi au wa dona, kikombe kimoja na nusu, changanya mtindi ulioenguliwa kikombe kimoja, na kula ndizi mbivu moja. Hapo una vipimo vitatu vya nafaka, kimoja cha maziwa na kimoja cha tunda. Kwenye saa nne, kabla wateja hawajajaa, kula kipande cha papai kinachojaa kikombe. Hivyo ni vipimo viwili vya tunda.

Mchana ndipo palipo na vita. Ugali uwe wa dona, na upimwe. Nusu kikombe cha ugali ni kipimo kimoja, na nafaka yote ya siku ni vipimo saba hadi vinane, kwa hiyo mchana kikombe kimoja kinakutosha. Najua hilo ni bonge la mtoto kwako. Bonge la mteja wako mmoja huenda likafika vikombe viwili au vitatu, na ukilila hilo siku ya nafaka imeishia hapo. Nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe na mboga kikombe kizima, yaani vipimo viwili: matembele, mgagani, majani ya kunde, mlenda, chochote kilichoshuka sokoni siku hiyo. Weka dagaa au kipande cha sato kinachojaa kiganja. Mafuta ya siku nzima ni vijiko viwili hadi vitatu vya chai, vya chai nasema, si upawa, kwa hiyo samaki wa kukaanga anaondoka mezani kwako hata kama anabaki kwa wateja. Alasiri, chungwa moja na kiganja cha karanga zisizo na chumvi. Machungwa ya Ukerewe yakiwa mengi, nunua hayo. Yakiadimika kula tunda lingine la msimu, hakuna tunda takatifu hapa.

Jioni pika mchemsho. Huu ni mlo wetu wenyewe na unaingia kwenye DASH karibu bila kubadilishwa: sato, kabichi, karoti, bilinganya, nyanya, kitunguu, pilipili hoho, viazi vitamu viwili, limao la kutosha. Limao na tangawizi ndivyo vinavyokufanya usiione chumvi iliyokosekana. Kula mboga za kujaza kikombe kimoja au zaidi, kisha kikombe cha maziwa kabla ya kulala. Ukijumlisha siku yote, mboga ni vipimo vinne, matunda vinne, maziwa viwili, nafaka vitano na viazi juu yake. Hicho ndicho kiwango, na unaona kipo mbali na kijiko kimoja cha mchicha. Usipande huko kwa siku moja lakini. Nyuzinyuzi nyingi za ghafla zitakujaza gesi ukiwa na wateja. Jipe wiki mbili za kupanda.

Chumvi nimeichelewesha makusudi, kwa sababu watu huijumlisha vibaya. Kwenye utafiti wa 1997 chumvi ilikuwa sawa kwa makundi yote na uzito wao haukuruhusiwa kubadilika, kwa hiyo ile 11 ilipatikana bila kugusa vitu hivyo viwili. Mwaka 2001 wakarudi na watu 412, wakapima DASH pamoja na viwango vitatu vya chumvi. Kwa watu wote kwa pamoja, DASH peke yake kwenye chumvi nyingi ilishusha namba ya juu pointi 5.9. Kupunguza chumvi peke yake, kwenye chakula cha kawaida, hadi kiwango cha chini kabisa kulishusha 6.7. Vyote viwili pamoja vilishusha 8.9, si 12.6. Vitu hivi viwili kwa sehemu hupita njia moja ndani ya mwili, kwa hiyo havijumlishiki kama bei za sokoni, ila kuviweka pamoja bado kunashinda kimoja peke yake. Kwako wewe, chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ni pamoja na ya kwenye mkate na viungo vya pakiti. Shida ya mpishi ni kuonja. Kutwa unaonja mchuzi wa watu, na ulimi wako umezoea chumvi ya sufuria kubwa. Chota chakula chako kabla hujaitia chumvi ile sufuria, uweke pembeni.

Utajuaje kama inafanya kazi? Si kwa kupima siku moja. Hizo 146 na 140 unazoziona ni mtu yule yule kwenye siku mbili. Presha hupanda na kushuka pointi nyingi hata bila kubadili chochote. Kabla hujaanza, pima kwa wiki moja, asubuhi na jioni, ukiwa umekaa kimya dakika tano mbali na moto wa jiko, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi bila nguo, umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umekunywa chai au kahawa nusu saa kabla. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, andika zote. Tafuta wastani wa wiki. Kisha anza mlo, na wiki ya nne rudia vile vile. Kwenye utafiti mabadiliko yalionekana ndani ya wiki mbili na yakabaki, kwa hiyo wiki nne za kula vizuri zinatosha kukupa jibu. Kama wastani wako wa kuanzia ni 144 kwa 90 na ukawa 138 kwa 87, mlo umefanya kazi yake, ingawa hujaona 11. Kama haujasogea, kabla ya kulaumu chakula andika kila ulichokula kwa siku tatu, ukihesabu na ulichoonja, halafu hesabu vipimo. Mara nyingi jibu liko kwenye matunda na maziwa, ambavyo ndivyo vya kwanza kusahaulika biashara ikichanganya.

Daftari hilo ndilo utakalolipeleka kliniki. Uamuzi wa kupunguza amlodipini ni wa anayekutibu, na hufanywa kwa kuangalia wiki nyingi za namba nzuri. Ukianza kuona kizunguzungu unapoinuka, au namba zimeshuka sana, nenda mapema, usisubiri tarehe. Na kama wastani wako unabaki juu ya 140 kwa 90 pamoja na mlo na kidonge, nenda pia. Huenda dozi inahitaji kuongezwa, na hilo halina maana kwamba mboga zilipotea bure.

Mama asile sahani hii. Naomba hapo unisikilize vizuri kuliko mahali pengine popote. Figo zilizochoka hushindwa kutoa potasiamu, ikajaa kwenye damu, na ikizidi huuvuruga mapigo ya moyo, wakati mwingine bila dalili ya kumshtua mtu. Ndizi, machungwa, papai, matembele, viazi, vyote nilivyokusifia wewe, vina potasiamu nyingi. Maziwa, dagaa na dona vina fosforasi, nayo humlemea mgonjwa wa figo. Hatari huongezeka kama anameza dawa kama enalapili, losatani au spironolaktoni, maana nazo huzuia potasiamu kutoka. Vile vile usimnunulie ile chumvi inayouzwa kama ya wagonjwa wa presha, kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa potasiamu. Nenda naye kliniki na dawa zake zote kwenye mfuko, omba apimwe kreatinini na potasiamu, kisha uliza ni mboga na matunda yapi anaruhusiwa na kiasi gani. Si wagonjwa wote wa figo hukatazwa sawa. Inategemea figo zimefika wapi. Kwa sasa mpunguzie chumvi, na mboga zake zikate, uzichemshe kwa maji mengi, umwage maji hayo. Potasiamu kiasi huondoka nayo. Zako usimwage.